Kodi ya Mwezi wa Mei

Mwaka 2020, ndege za abiria kutoka ng'ambo zilipozuiwa kuingia Kenya mwishoni mwa Machi, jirani yangu mwenye duka la makubadhi Malindi alikwenda kwa mwenye nyumba wake kumweleza kwamba hana wa kumuuzia. Mzee yule alimjua tangu utotoni, na hakumwacha amalize maneno. "Lipa uwezacho, mwanangu. Mengine tutaangalia." Kodi ilikuwa shilingi 25,000 kwa mwezi. Jirani yangu akalipa nusu kwa miezi minane, kila mara akapewa risiti, na kila mara akaikunja na kuitia kwenye droo bila kuisoma. Mwaka uliofuata mzee akafariki. Wanawe walipofungua kitabu cha risiti, kila nakala ya miezi ile ilikuwa na mwandiko wa baba yao: "Sehemu ya kodi. Baki 12,500." Wakajumlisha, wakapata 100,000, wakaja kudai.

Siamini kwamba mzee alikusudia kumdai. Aliandika vile kwa sababu kitabu cha risiti kina mstari wa baki, na mstari hujazwa. Wala wanawe siwalaumu sana. Urithi ni mali ya watu wengi, na aliyekabidhiwa kuukusanya hawezi kusamehe haki ya mama yake na dada zake kwa hisani tu, hasa mkononi ana karatasi minane zinazosema deni lipo. Jirani yangu hakuwa na karatasi hata moja inayosema halipo. Alililipa deni lile kidogo kidogo, akamaliza mwaka wa pili.

Tangu hapo kila nikisikia mwenye duka anasema "nimeongea na mwenye nyumba, amenielewa", huuliza swali moja: je, amekusamehe au amekungoja? Mara nyingi hajui. Na hapo ndipo penye hatari kuliko hata pale mtu anapokataliwa, kwa kuwa aliyekataliwa anajua anachodaiwa.

Pwani ya Kenya miezi migumu inajulikana. Masika huanza kati ya mwisho wa Machi na Aprili, upepo wa kusi huleta bahari iliyochafuka na mwani unaojaa ufuoni, na baadhi ya hoteli hufunga milango Mei ili kupaka rangi na kuwapa wafanyakazi likizo. Wageni hurudi Julai na Agosti, shule za Ulaya zikifungwa, kisha hujaa tena kuanzia Desemba. Muuza vikoi, vinyago au madira ya watalii anajua hayo kama mvuvi anavyojua maji mafu na bamvua. Lakini mkataba wa kodi haujui. Unataka kiasi kile kile Januari na kiasi kile kile Mei.

Nitaeleza habari ya dada mmoja mwenye duka la vikoi na vikapu hapo hapo Malindi, kwa sababu alilifanya jambo hili vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua, na ameniruhusu kutoa hesabu zake mradi nisimtaje jina.

Kodi yake ni shilingi 30,000. Mwanzo wa Machi, mji ukiwa bado na wageni, alitoa daftari lake la mauzo la mwaka uliotangulia. Aprili alikuwa ameuza vitu vya shilingi 105,000, Mei 65,000, na Juni 85,000. Jumla 255,000. Mtu asiyefanya biashara akiona hesabu hiyo atasema kodi ya 90,000 kwa miezi mitatu inalipika, tena inabaki. Lakini kikoi anachokiuza shilingi 1,000 yeye mwenyewe amekinunua kwa 600 hivi, na zile 600 lazima zirudi kununua kikoi kingine, la sivyo Agosti itamkuta na rafu tupu. Kwa hiyo katika 255,000, zilizo zake ni kama 102,000. Humo anamlipa msaidizi 16,000 kila mwezi, na umeme na vidogo vidogo ni kama 4,000. Hizo ni 60,000 kwa miezi mitatu. Zinabaki 42,000, nazo ndizo anazoweza kumpelekea mwenye nyumba bila kugusa mali iliyo dukani. Ukizigawa kwa miezi mitatu unapata 14,000.

Hesabu hii ndiyo ombi lenyewe. Wapangaji wengi huenda na neno "nusu", kwa sababu nusu ni neno jepesi kutamka, bila kujua kama nusu itawaokoa. Wapo waliopewa nusu na bado Juni wakashindwa, na mwenye nyumba akaona amechezewa. Dada yule alijua kwamba kila shilingi atakayolipa juu ya 14,000 itatoka kwenye akiba yake ya Januari, na akiba ile ndiyo iliyokuwa iwalishe watoto.

Kabla ya kuandika lolote alifanya jambo jingine ambalo naliona la busara kubwa. Alilinganisha Mei na Mei, Januari na Januari. Mei ya mwaka uliopita ilikuwa 65,000. Ile ya kabla yake ilikuwa karibu na hapo. Januari zote mbili zilikuwa juu ya 300,000. Maana yake duka lilikuwa zima, na mwaka ulikuwa na shimo pale pale ulipokuwa na shimo siku zote. Lau angeona Januari imeshuka kutoka 400,000 hadi 250,000, basi tatizo lake lisingekuwa mvua. Pengine hoteli iliyokuwa ikimletea wageni imefungwa, au maduka mapya yamefunguliwa karibu na geti. Kwa duka la namna hiyo, nafuu ya miezi mitatu huongeza deni tu, na mwenye duka hutoka Julai akiwa na kodi ya zamani juu ya kodi mpya. Afadhali huyo aombe kuondoka kwa heshima na kurudishiwa dipoziti yake.

Msimu wenyewe si mmoja kwa kila mtu. Kwa muuza leso wa mtaa wa Biashara, Mombasa, siku tulivu ni zile baada ya Idi, watu walipokwisha nunua kila kitu. Muuza nguo za kawaida huumia Januari, pesa za wazazi zinapokwenda kwenye karo. Daftari lako ndilo linalojua.

Alikwenda kwa mwenye nyumba tarehe nne ya Machi, kodi ya mwezi ule ikiwa imekwisha kulipwa. Si siku aliyoichagua ovyo. Anayekwenda Juni, akiwa amepitisha miezi miwili bila kulipa, amekwenda kama mdaiwa, na kila atakalosema litasikika kama udhuru. Zaidi ya hapo kuna sheria. Nchini Kenya, maduka, hoteli na mikahawa mingi ya kupanga huangukia chini ya sheria ya mwaka 1965 inayojulikana kwa namba yake, Sura ya 301. Upangaji unalindwa na sheria hiyo kama haukuandikwa, au kama umeandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano. Unaolindwa hawezi kufukuzwa kwa neno la mdomo; sharti apewe notisi rasmi ya miezi miwili au zaidi, na akiipinga, baraza maalumu la kodi za majengo ya biashara ndilo linaloamua. Lakini sheria hiyo hiyo inampa mwenye nyumba sababu kadhaa za kumtoa mpangaji, na mojawapo ni hii: kodi ikifika wakati wake na kukaa miezi miwili bila kulipwa, au mpangaji akiwa na mazoea ya kuchelewesha.

Rudi sasa kwa jirani yangu wa makubadhi. Kila mwezi alilipa nusu, na kila mwezi risiti ikaandika baki. Kwa anayesoma karatasi tu, huyo ni mpangaji aliyekaa miezi minane na kodi isiyolipwa. Wema wa mzee uligeuka ushahidi dhidi yake.

Na mtu asidhani baraza litamsaidia kupata nafuu yenyewe. Sheria inampa mpangaji naye njia ya kutaka kodi ikadiriwe upya, kwa notisi rasmi, lakini notisi hiyo nayo ni ya miezi miwili kwenda juu, na kinachopimwa ni kodi inayolistahili jengo. Hakuna mahali panaposema kodi ishuke kwa kuwa kusi imevuma. Nafuu ya msimu ni ya hiari ya mwenye nyumba, kwa hiyo huombwa.

Barua yake ilikuwa ukurasa mmoja wa mkono, kwa Kiswahili. Nimeisoma. Baada ya salamu iliendelea hivi:

"Ami, mimi ni mpangaji wako wa duka la kati kwa mwaka wa tatu sasa, na sijawahi kupitisha tarehe tano ya mwezi bila kukuletea kodi. Kama ujuavyo, Aprili, Mei na Juni mji hulala. Nimeambatanisha mauzo yangu ya miezi hiyo kwa miaka miwili. Naomba kwa miezi hiyo mitatu pekee nikulipe shilingi 15,000 kila mwezi. Shilingi 45,000 zitakazobaki nitazilipa zote, kwa mafungu matatu ya 15,000, pamoja na kodi ya Agosti, ya Desemba na ya Januari. Kodi ya mkataba wetu inabaki 30,000, na kuanzia Julai nitailipa kamili. Kama una rai nyingine nitakuja kuisikiliza siku utakayopanga."

Hakuna sentensi ya kujililia humo. Neno "pekee" lina kazi yake, na ile sentensi ya kodi ya mkataba ina kazi kubwa zaidi. Hofu ya kwanza ya mwenye nyumba ni kwamba punguzo la Mei litageuka kodi ya kudumu, kwamba Septemba ataambiwa "lakini tulikubaliana kumi na tano". Ukimwondolea hofu hiyo kwa mkono wako mwenyewe kabla hajaitaja, umekwisha vuka nusu ya njia.

Mzee alimwita siku ya tatu, baada ya Alasiri, kwenye baraza ya nyumba yake. Kahawa ikamiminwa. Dada yule anasema mzee aliishika ile karatasi ya mauzo muda mrefu, akiifuata kwa kidole mstari baada ya mstari.

"Mei uliuza sitini na tano tu?"

"Ndiyo, Ami. Na hizo si faida. Ni mauzo."

"Mimi nami nina yangu, mwanangu. Kaunti wanataka kodi ya ardhi yao. Bati la nyuma limeoza, na mvua hiyo inakuja kwangu pia."

"Najua, Ami. Ndiyo maana nimekuja sasa, sikungoja Mei nikakutie kwenye dhiki usiyoitazamia."

"Na wale wawili wa pembeni? Wakisikia?"

Hapo ndipo palipo pagumu. Mzee ana maduka matatu yaliyoshikana. Akimpunguzia mmoja, kesho wawili watakuwa barazani. Dada hakuahidi siri, kwa sababu siri ya namna hiyo katika mji mdogo haidumu wiki. Alisema tu: "Wakija, Ami, waambie walete daftari kama nilivyoleta mimi." Mzee akacheka, kisha akanyamaza, kisha akatoa hesabu yake: 20,000 kwa mwezi. Baki la 30,000 lilipwe 10,000 Agosti, 10,000 Desemba, 10,000 Januari. Na dada, kwa kuwa mvua inakuja, amlipe fundi wa bati kwa pesa zake, shilingi 6,000, zikatwe kwenye fungu la Agosti.

Tuitazame kwa jicho la mzee, kwa maana wapangaji wengi hawaitazami. Lau angekataa na dada akafunga duka mwisho wa Machi, nani angelipanga mwezi wa Aprili? Anayeanza biashara ya watalii hatafuti fremu wakati hoteli zinafungwa. Pengine lingekaa tupu mpaka Julai, na hapo amepoteza 90,000 zisizorudi, tena apake rangi na ampe dalali chake. Kwa makubaliano haya hakupoteza hata shilingi moja. Alikubali kungoja 30,000, sehemu yake miezi minne, sehemu yake mpaka Januari. Bati likazibwa kabla ya mvua, kwa pesa ambazo hakuzitoa mfukoni mwezi ule.

Lakini hesabu hiyo ina mipaka, nayo isifichwe. Inasimama pale tu ambapo duka likiachwa litakaa tupu. Katika mitaa ambako watu hupanga foleni kutafuta fremu, na mpangaji mpya hutoa pesa za kilemba kabla hajakabidhiwa funguo, mwenye nyumba ana faida ukiondoka. Huko mpangaji hana cha kuweka mezani isipokuwa uaminifu wake na muda: kusaini miaka miwili zaidi, au kulipa kodi mapema miezi mizuri. Na kama jengo lina mkopo wa benki, mwenye nyumba anaweza kuwa na moyo wa kusaidia na asiwe na uwezo, kwa sababu kodi yako yote inapita mkononi mwake kwenda kwingine.

Watu wengine hupendekeza dipoziti itumike: mwenye nyumba anazo 60,000 zangu, basi akate humo mwezi mmoja. Kwenye karatasi ni wazo zuri. Kwa kweli wenye nyumba wengi wadogo dipoziti walishaitumia siku waliyoipokea, kwa hiyo kwao kukata humo ni sawa na mwezi usio na kodi. Waweza kuliomba, mradi uandike lini utairudishia.

Dada yule alikuwa na 14,000 za duka kila mwezi, na amekubali 20,000. Miezi mitatu, pengo ni 18,000. Alizitoa kwenye akiba, na fundi wa bati akamla nyingine 6,000. Halikuwa ombi lililojibiwa lote, na hakujidanganya. Alizihesabu zile pesa pale pale barazani kichwani kabla ya kusema ndiyo, na alisema ndiyo kwa kuwa zilikuwepo.

Kisha akafanya lile ambalo jirani yangu hakulifanya. Alirudi siku ya pili na karatasi ya nusu ukurasa, nakala mbili. Iliandika majina yao na duka lenyewe, ikasema kwamba kodi ya mkataba ni 30,000. Kwamba kwa Aprili, Mei na Juni za mwaka huo pekee mpangaji atalipa 20,000 kufikia tarehe tano. Kwamba 10,000 ya kila mwezi imeahirishwa, haikusamehewa, nayo italipwa kwa tarehe zilizotajwa. Na kwamba maadamu mpangaji anafuata makubaliano haya, kiasi kilichoahirishwa hakitahesabiwa kuwa kodi iliyochelewa. Wakatia sahihi wote wawili. Mwana mkubwa wa mzee alitia sahihi kama shahidi, na dada ndiye aliyeomba awe yeye, si mtu mwingine. Nilipomuuliza kwa nini, aliniambia, "Kwa sababu huyo ndiye atakayefungua kitabu siku moja."

Ile sentensi ya kuahirisha na kusamehe ndiyo moyo wa karatasi. Mwenye nyumba akisamehe, iandikwe "imesamehewa". Akiahirisha, iandikwe lini italipwa. Neno "punguzo" peke yake halisemi lolote kati ya hayo mawili, na neno "nafuu" ndivyo vivyo hivyo. Katika risiti pia: dada alimwomba mzee aandike "Kodi ya Mei kwa makubaliano ya Machi", na mstari wa baki ukaandikwa "10,000 imeahirishwa". Kodi yenyewe aliituma kwa M-Pesa ili kila malipo yawe na tarehe yake, na ujumbe wa kila mwezi akauhifadhi.

Tarehe ya mwisho nayo ina kisa chake cha kisheria, ambacho kila mwanafunzi wa sheria wa Afrika Mashariki hukutana nacho. Mwaka 1937 kampuni moja ya London ilikodi jengo zima la nyumba za kuishi kwa pauni 2,500 kwa mwaka. Vita vikaja, wapangaji wakahama mji, na mwaka 1940 mwenye jengo akakubali kwa maandishi kushusha kodi hadi 1,250. Hawakuandika mpaka lini. Mwaka 1945 jengo likajaa tena, kodi ya nusu ikaendelea kulipwa, na mgogoro ukafika mahakamani. Uamuzi wake hujulikana kwa jina la jengo, High Trees. Jaji Denning aliamua mwaka 1946 kwamba punguzo lilikuwa la hali ya vita tu, kwa hiyo kuanzia nusu ya pili ya mwaka 1945 kodi kamili ilirudi. Akasema pia kwamba kwa miaka ya vita yenyewe mwenye jengo asingeweza kugeuka na kudai kile alichokwisha kukiacha, kwa kuwa mpangaji aliitegemea ahadi yake.

Sehemu hiyo ya pili huwafariji wapangaji, na wapo wanaoitegemea: aliniahidi, basi hawezi kugeuka. Lakini kumbuka kwamba pale ahadi ilikuwa imeandikwa, na bado walihitaji jaji awaambie iliisha lini. Mwenye duka la makubadhi hana pesa za kwenda kuuliza swali hilo. Tarehe moja kwenye karatasi ingemtosha.

Kuna mambo mawili zaidi ya kuangaliwa. La kwanza ni nani anayeahidi. Jengo likiwa mikononi mwa wakala, wakala hukusanya kodi kwa niaba ya mwenyewe, na mara nyingi hana mamlaka ya kusamehe wala kuahirisha. Akisema "sawa, tutakuelewa", mshukuru, halafu umwombe sahihi ya mwenye jengo au barua inayomruhusu. Nyumba ikiwa ya ndugu, ujue ni nani aliyekabidhiwa na wenzake. La pili ni mkataba wenyewe. Wenye majengo wengi Kenya huandika mikataba ya miaka mitano na miezi mitatu, au sita, ili kuvuka ule mpaka wa Sura ya 301. Ukiwa chini ya mkataba kama huo, kwa kawaida ulinzi wa baraza huna, na kilichoandikwa humo juu ya kuchelewesha kodi ndicho kitakachokuhukumu. Usome kabla ya kuomba, hasa pale panaposema kwamba mabadiliko yoyote yawe kwa maandishi.

Kwa wasomaji wa Tanzania hali ni tofauti kidogo. Sheria ya kudhibiti kodi za pango ilifutwa mwaka 2005, hivyo mkataba ndio unaobeba uzito mkubwa, na wenye fremu wengi hutaka kodi ya miezi sita au mwaka mzima mbele. Huko ombi halifanywi mwezi wa hali ngumu, maana pesa zilishalipwa. Hufanywa wakati wa kuhuisha mkataba, nalo huwa ni kuomba kulipa kwa miezi mitatu mitatu ili malipo makubwa yasiangukie masika.

Na yule ambaye mambo yameshamharibikia, anayefika asubuhi akakuta kufuli la pili juu ya kufuli lake? Kwa upangaji unaolindwa nchini Kenya, mwenye nyumba hana ruhusa ya kufunga duka kwa mkono wake, na kukamata mali kwa ajili ya kodi huhitaji kibali cha baraza na dalali mwenye leseni. Piga picha ya lile kufuli siku hiyo hiyo, uende barazani na risiti zako. Huko sasa ni kwenye mashtaka, na mazungumzo ya kahawa yamekwisha; ila hata huko swali la kwanza litakuwa ni nini kilichoandikwa.

Dada wa vikoi alilipa fungu lake la mwisho tarehe tatu ya Januari, pamoja na kodi ya mwezi. Mzee akaichukua ile karatasi ya nusu ukurasa, akaandika chini yake "Imelipwa yote", akatia tarehe na sahihi. Kabla hajaikunja, dada akamwuliza kama haingekuwa rahisi kuliweka jambo hilo kwenye mkataba mpya: Aprili, Mei na Juni 20,000, Januari, Agosti na Desemba 40,000, miezi sita iliyobaki 30,000 kama kawaida. Mzee akachukua kalamu akajumlisha mwenyewe, mara mbili. Ilikuwa 360,000, sawasawa na ile ya siku zote.

"Na bati?" akauliza.

"Bati Ami, mwaka huu ni lako."

Mkataba huo sasa ni wa mwaka wa pili, na mmoja wa wale majirani wa pembeni naye amepeleka daftari lake.